Siku tatu Chumbe bila simu: kabla hujalipa, hesabu mkono wako kwanza

Haya jamani, asalaam alaykum, habari za huko mliko. Kama sauti leo imetulia kidogo, ni kwa sababu nimepata kifuniko cha upepo cha maiki. Mlilalamika sana video iliyopita na mlikuwa na haki. Leo nachambua likizo ya siku tatu bila simu kisiwani Chumbe. Nyinyi ndio mlioiomba, maana tangu nilipoweka ile picha ya mnara wa Chumbe watu hawajaacha kuuliza: nilipe nisilipe? Nikienda bila simu nitafurahi au nitahesabu saa?

Chumbe wengi mnakijua, kwa hiyo sitakaa sana. Kisiwa kidogo kusini ya Mji Mkongwe, hakina kijiji, miamba yake ya matumbawe imehifadhiwa tangu 1994, mnara wa taa wa 1904, mabanda 7 tu ya wageni. Paa la kila banda linakinga mvua, maji yanakaa kwenye tangi chini ya sakafu, na hayo ndiyo utakayooga. Umeme ni wa jua, choo hakina maji ya kuvuta. Chakula, boti ya kwenda na kurudi, na waongozaji wa kukutembeza msituni na baharini vimo ndani ya bei. Bei yenyewe inazidi dola 200 kwa kichwa kwa usiku mmoja. Ni hela. Ndiyo maana sitaki mtu aende kwa sababu picha ni nzuri.

Na hili linaniuma, lazima niliseme. Mwaka juzi nililipa hoteli moja, siitaji jina, ya pwani nyingine kabisa. Wametangaza "likizo bila mtandao". Nafika, kumbe ruta imeharibika, na wahudumu wanakupa nywila ya mtandao wa ofisini ukiwasumbua vya kutosha. Nikakaa siku mbili nikizunguka na simu kutafuta kona yenye mtandao. Sikupumzika hata saa moja. Kukosa mtandao peke yake si likizo, kwa sababu mkono unabaki na njaa yake. Na hapo Chumbe usijidanganye kwamba bahari itakukatia mawasiliano: ukisimama juu ya mnara, pwani ya Unguja unaiona kwa macho. Ukitaka kuzima simu utaizima mwenyewe.

Sasa njoo karibu, maana hiki ndicho kitu ninachokipenda kuliko vyote katika mpango huu. Kamera naisogeza mezani. Mnaona karatasi hii? Ni daftari la kawaida, nimechora safu tatu: KAZI, WATU, na KUJAZA MUDA. Pembeni nimeandika saa, kuanzia alfajiri mpaka kulala. Chagua siku ya kawaida, siyo sikukuu, siyo siku ya msiba. Simu usiizime. Kila mkono wako unapoishika bila mtu kukupigia, weka mstari mmoja mbele ya saa hiyo. Umefungua barua pepe ya bosi, KAZI. Umetaka kujua mama kalala vipi, WATU. Umeishika tu, hata hujui kwa nini, KUJAZA MUDA. Ukibisha na nafsi yako uuweke wapi, basi ni kujaza muda. Mimi sijawahi kukosea kwa sheria hiyo.

Nimefanya mimi na dada yangu siku moja. Angalieni karatasi ya dada. Mistari 61. Kazi 9, watu 14, kujaza muda 38. Yangu hii hapa: jumla 44, na 27 kati yake ni watu. Wakati ule mama alikuwa ametoka hospitali, na kila nusu saa nataka kusikia kala, kanywa dawa, kalala. Mimi na dada tumezaliwa nyumba moja, lakini likizo hii inamfaa yeye na ingenitesa mimi. Ningekaa juu ya mwamba mzuri ajabu huku moyo uko kitandani kwa mama. Kwa hiyo yeye alilala usiku tatu, mimi nikaenda siku moja na kurudi jioni. Hilo la siku moja linawezekana pale nafasi inapokuwepo, ila uulize mapema, kwa sababu wageni wanaolala ndio wanaotangulizwa.

Safu ya kazi ikiwa ndiyo nene zaidi, ahirisha. Nasema hivi kwa moyo kabisa. Mtu ambaye hajapata wa kumshikia kazi yake anabeba ofisi kichwani, na kisiwani hapati hata njia ya kuimaliza.

Lakini karatasi ina kazi ya pili, na hapa ndipo nataka mbaki nami, msiruke. Tazama mistari ya dada ya kujaza muda imejazana wapi. Asubuhi karibu hakuna. Inaanza saa 8 mchana, baada ya kula, inapanda mpaka saa 10, inatulia, halafu inarudi baada ya isha. Hizo ndizo saa zake za njaa. Atakwenda nazo kisiwani kama anavyokwenda na miguu yake. Swali ni moja: saa hizo, bahari itakuwa inafanya nini?

Hii karatasi ya pili ni jedwali la maji. Kisiwani ratiba yako inapangwa na maji kujaa na kupwa, na anayepanga maji ni mwezi. Wavuvi wetu wanalijua hili tangu enzi, sisi wa mjini ndio tumelisahau. Kwa pwani ya Unguja, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, ndiyo bamvua: maji yanakupwa sana kama saa 4 asubuhi na kujaa sana kama saa 10 jioni. Kila siku inayofuata, saa hizo zinasogea mbele karibu dakika 50. Ukirudi nyuma siku moja, unapunguza dakika 50. Baada ya wiki moja mambo yamepinduka: yanajaa asubuhi, yanakupwa alasiri, na hayaendi mbali. Ndiyo maji mafu.

Sasa mpangie dada. Nachukua tarehe 15 ya mwezi mwandamo, maji yamejaa saa 10 jioni. Narudi nyuma: tarehe 14 yamejaa kama saa 9 na dakika 10. Tarehe 13, saa 8 na dakika 20. Tarehe 12, saa 7 na nusu. Mnaona? Ukimpeleka tarehe 12 ukamrudisha 15, kila siku bahari inamjia mlangoni karibu na saa zake za njaa. Saa 8 mchana mkono unapotaka simu, muongozaji anampa miwani na mrija, anaingia majini juu ya matumbawe. Na asubuhi, maji yakiwa yametoka, anatembea kwenye miamba na vidimbwi, anaona nyota za bahari na kaa wadogo. Tarehe 12 maji yametoka tangu saa 1 na dakika 20, kwa hiyo anaamka mapema. Tarehe 14 ni saa 3, hana haraka.

Hizo saa ni makadirio ya kupangia safari. Ukishapata tarehe, chapisha jedwali kamili la Zanzibar, uende nalo kwenye karatasi. Na siku za bamvua lenyewe mkondo unaweza kuwa na nguvu, kwa hiyo kama muongozaji amesema leo hatuingii, basi hamuingii. Wako wanaopenda maji mafu kwa sababu bahari imetulia, na kama saa zako za njaa ni asubuhi, wiki hiyo ndiyo yako, maana maji yanajaa kama saa 4 asubuhi. Pangia mkono wako, usipangie wa dada yangu.

Baki na zile saa za baada ya isha. Hapa mimi na dada tulibishana. Kwa hesabu ya maji, tarehe 27 mpaka mwandamo zinafanana na 12 mpaka 15, ila usiku ni giza. Mimi nilimwambia nenda gizani, nyota zitakushika. Yeye akachagua mbalamwezi. Usiku mnatembezwa kutafuta wale kaa wakubwa wa nazi, wanaopanda miti, kaa wa nchi kavu ambao duniani hakuna wakubwa kuwazidi. Aliporudi aliniambia usiku wa pili alikaa ukumbini chini ya makuti akizungumza mpaka usingizi ukamchukua. Nakubali, aliniweza. Ingawa bado ningechagua giza.

Haraka haraka sasa, simu inafanya kazi ambazo umezisahau. Ni tochi yako, saa yako, kamera yako, saa ya kukuamshia, wengine ni kumbusho la dawa na vipindi vya sala. Dada alinunua tochi ya kuvaa kichwani na saa ya mkononi ya bei ndogo, akaandika saa za sala nyuma ya jedwali la maji. Malipo yote alimaliza kabla, maana pesa ikiwa kwenye simu utaiwasha tu. Nyumbani aliacha namba ya loji kwa mtu mmoja, mimi, na akawaambia wengine wote: kukiwa na dharura mpigieni kaka. Bila hiyo hata mimi nisingemshauri aende.

Kuhusu washindani: mmeniandikia sana kisiwa cha Mafia. Mafia ni pazuri mno, hifadhi ya bahari ni kubwa zaidi, papa potwe wanaonekana kati ya Oktoba na Machi. Lakini kuna mji, kuna maduka, kuna bodaboda, na kwa mwenye safu nene ya kujaza muda naona vishawishi ni vingi. Kwa mwenye safu nene ya watu, kama mimi, huenda Mafia ikawa bora, kwa sababu unaweza kupiga simu jioni bila kujisikia umevunja mfungo. Masika usijaribu kokote, na Chumbe penyewe huwa wanafunga kwa muda kipindi hicho.

Wiki ijayo nahamisha siku ya video kutoka Ijumaa kwenda Jumapili. Andikeni hapo chini namba zenu tatu: kazi, watu, kujaza muda, na saa ambazo mistari imejazana. Nitachagua karatasi tano, nitazipangia tarehe hapa hapa mezani nikiwa na jedwali la maji la mwezi ujao.