TAHADHARI: Muuza mawe anayejumlisha mota juu ya ukuta

Jamani, yule jamaa wa mawe niliyewasifia hapa, msimpe kazi. Aibu ninayo, lakini hasira imezidi.

Ukuta wenyewe ni ule wa nyuma unaozuia udongo. Msingi ulishakwisha; juu yake kimo meta 2, urefu meta 10, kitako meta 1, kisha unapungua hadi sentimeta 40 kule juu. Alikuja na futi kamba yake, akapima, akachuchumaa na kuchora chini kwa kijiti. "1 mara 2 mara 10, hiyo 20. Mota asilimia 35, hiyo 7. Jumla 27, basi tipa 4 za meta 7, na kidogo cha kuzibia." Alikwenda polepole, kila hatua ananisubiri niitikie. Nani angemshuku mtu anayekuonyesha hesabu? Na ile 35 si ya kubuni, mafundi huitaja kwa mawe yasiyochongwa. Ndiyo iliyonilainisha.

Ukuta unaopungua haupimwi kwa kitako! Chukua 1 na 0.4, gawa kwa mbili, unapata unene wa wastani 0.7. Mara 2 mara 10 ni meta za ujazo 14 tu. Na mota haiongezwi juu yake, imo humo humo ndani ikijaza nafasi kati ya mawe: karibu 4.9, na mawe yenyewe 9.1. Mawe yakiwa rundo yana matundu mengi, kwa hiyo hununui 9.1, unanunua kama mara moja na robo ya ukuta, yaani 17.5. Mimi nimelipa 28! Saruji nayo, kwa mchanganyiko wa 1 kwa 4, ingekuwa mifuko kama 37 ya kilo 50. Yeye kanipa orodha ya 52, kutoka duka la rafiki yake, bila shaka.

Sasa sikieni. Mawe yalipokwisha, ukuta nao ulikuwa umekwisha, halikubaki hata jiwe. Zile 10 za ziada ziko wapi? Bodi la tipa ni kweli meta 4 kwa 2.2, kina 0.8, linaingia 7. Ila mawe yalirundikwa katikati kama kichuguu, kandoni yako chini kabisa. Yakisawazishwa hayapiti sentimeta 50. Hiyo ni 4.4 kwa tipa, mara 4 ni 17.6. Hesabu ya kweli aliijua tangu mwanzo!

Mtu huyu afungwe, tipa lake likamatwe, na nina picha zote. Mkiletewa mawe, pandeni wenyewe juu ya bodi, sawazisheni, pimeni kina kabla hajamwaga. Akikataa kupimwa, arudi nayo.