Duka lililonifungia prosesa kwa nenosiri

Laptopu yenyewe sina ugomvi nayo. Ni ya mtumba kutoka ofisi za watu huko nje, kibodi nzuri, betri bado inajikongoja. Niliinunua nijifunze Linux ndani ya VirtualBox, programu ya kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta, bila kugusa Windows. Kila nikibonyeza Start inakuja hii:

```
VT-x is disabled in the BIOS for all CPU modes
(VERR_VMX_MSR_ALL_VMX_DISABLED)
```

Nikarudi dukani. Fundi hata skrini hakuitazama. "Dada, prosesa hiyo ya zamani, haina uwezo huo. Tukupigie Windows upya tuone?" Akapiga, akachukua hela yake, ujumbe ukarudi uleule.

Na ujumbe ungeachaje kurudi? VT-x ni uwezo wa prosesa za Intel wa kusaidia mashine pepe, na swichi yake haiko kwenye Windows. Ndani ya prosesa ya Intel kuna rejista, kisanduku kidogo cha kumbukumbu, ambayo BIOS, programu inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows, huijaza kompyuta inapowaka: biti moja inaruhusu VT-x, nyingine inafunga rejista yenyewe. Ikishafungwa, programu yoyote, hata ukiwa na mamlaka yote ya Windows, haiwezi kuibadilisha mpaka kompyuta iwashwe tena. VirtualBox ikiomba, prosesa inakataa. Zamani VirtualBox ilikuwa na njia ya kuendesha baadhi ya mashine pepe bila msaada huo, lakini njia hiyo iliondolewa kuanzia toleo la 6.1. Isitoshe, ujumbe ulisema "disabled", yaani uwezo upo, umezimwa. Prosesa isiyo nao ingeleta "VT-x is not available". Fundi wa kulipwa hasomi hata neno moja la skrini?

Nikaingia BIOS mwenyewe. Kipengele cha Intel Virtualization Technology kipo, Disabled, rangi ya kijivu, hakibonyezeki. Juu yake kinataka nenosiri la msimamizi. Nikadhani limeachwa na ofisi ya kwanza, maana ofisi nyingi hufanya hivyo, na la namna hiyo kulitoa ni kazi kweli.

Siku nyingine nikamkuta mwenye duka. Akaandika nenosiri kwa mkono mmoja, simu sikioni. Ni lao! Wanaweka kwenye mashine zote "ili wateja wasiharibu". Na fundi wao alikuwa ananiuzia mawazo ya kununua kompyuta mpya!

Nikaweka Enabled, nikahifadhi kwa F10, nikaizima kabisa badala ya kuiwasha upya tu, kwa sababu baadhi ya mashine hazichukui badiliko mpaka umeme ukatike. Kwenye Task Manager, sehemu ya CPU, ikasoma Virtualization: Enabled. Linux ikafunguka hapohapo, tena nyepesi kuliko nilivyotegemea.

Laptopu nyota nne. Duka nilitaka kulipa nyota mbili, maana bei yao ni ya haki na mwenyewe hakunizungusha. Lakini hela ya kupiga Windows hawajarudisha mpaka leo, na nenosiri amekataa kulifuta. Moja. Na hiyo moja ni ya kibodi.