Tahadhari: Picha 10 za pasipoti katika karatasi moja ya inchi 4 kwa 6

Ndugu zangu wa Dar es Salaam, hasa mnaoandaa maombi ya viza, nawaomba mjihadhari na kibanda kimoja cha picha pale Kariakoo, kilichobandika tangazo la picha 10 za pasipoti katika karatasi moja kwa shilingi 5,000. Jina lake sitaliandika, lakini udanganyifu wenyewe nitaueleza kwa kirefu, kwa sababu yeyote mwenye kompyuta na printa anaweza kuufanya.

Mama yangu mzazi alikuwa anaomba viza ya Schengen ili akamwone dada yangu Ujerumani. Picha inayotakiwa huko ina upana wa milimita 35 na urefu wa milimita 45. Karatasi ya picha aliyoitumia fundi ni ya inchi 4 kwa 6, yaani takriban milimita 102 kwa 152. Ukiilaza, picha nne huenea katika mstari mmoja kwa kuchukua milimita 140, na mistari miwili huchukua milimita 90, hivyo jumla ni picha 8. Picha ya tano katika mstari ingehitaji upana wa milimita 175, ambao karatasi hiyo haina. Ili zipatikane 10, fundi alizibana picha kwa upana peke yake hadi zikawa na milimita 30, huku urefu akiuacha vilevile.

Sisi hatukuliona hilo mapema, kwa kuwa alizikata mwenyewe na kutukabidhi zikiwa ndani ya bahasha. Siku ya kuwasilisha maombi zilikataliwa, na mama, ambaye uso wake ni wa mviringo, aliniuliza kwa huzuni kama kweli amekonda kiasi kile. Tulipofika nyumbani nilichukua rula. Hereni zake ni duara kamili, lakini pichani zilikuwa na upana wa milimita 6 na urefu wa milimita 7, zimekuwa kama yai. Kitu chochote cha duara kilichomo pichani kitakuonyesha kama picha imebanwa, iwe ni hereni, kifungo cha shati au mboni ya jicho.

Nilirudi kudai fedha zetu. Fundi alikataa kuzirudisha, akakubali tu kuchapa karatasi nyingine, safari hii ya picha 8. Hereni zilikuwa duara, nami nikadhani mambo yamekwisha. Lakini nilipopima nikakuta kila picha ina milimita 33 kwa 42. Alinijibu kwamba printa ndivyo ilivyo. Maelezo hayo si ya kweli. Wakati wa kuchapa alikuwa ameacha chaguo la `Fit`, ambalo huipunguza karatasi nzima ili iingie ndani ya ukingo mweupe wa printa, na kila picha ikapungua pamoja nayo. Chaguo linalotakiwa ni `Actual size`, au kipimo cha 100%. Kosa hili la pili ni baya zaidi kwa mteja, kwa sababu uso haubadiliki umbo na macho hayawezi kuligundua. Ni rula pekee itakayokuambia.

Kwa hiyo ukienda kupiga picha, mwambie fundi asikate kwanza. Pima upana wa picha moja, kisha pima mstari mzima wa picha nne. Kama picha zimeshikana bila nafasi kati yake, mstari uwe na milimita 140. Na hapo tofauti ndogo, ambayo katika picha moja ungedhani ni mkono wako umetetereka, hujitokeza wazi. Mwombe pia achore mstari wa sentimita 5 kwenye sehemu tupu ya karatasi, kwani hubaki milimita 12 hivi. Mstari huo ukitoka pungufu, karatasi yote imechapwa pungufu, na ni haki yako kuikataa.

Studio nyingine tuliyokwenda ilikubali masharti hayo bila kinyongo. Fundi wake aliweka rula mbele yetu, tukahesabu picha 8, ndipo akachukua mkasi.

Wanaoomba viza ya Marekani nao wajue kwamba picha yao ni ya inchi 2 kwa 2, na karatasi hiyohiyo huchukua picha 6 tu, bila kubakiza nafasi yoyote. Kibanda nilichokitaja kina tangazo la hizo pia, na kinaahidi 8.