TAHADHARI: Duka la raba la Instagram lililonipiga mara mbili kwa kadi moja

Wadau, kuna duka la raba linajitangaza Instagram, bei ya kutupwa, "zimebaki jozi 6 tu". Jina lake sitaliandika, maana tangu nilizwe limeshabadilishwa mara mbili na picha ni zile zile. Shikeni alama zake. Bei inaandikwa kwa shilingi lakini kadi inakatwa kwa dola. Hawapokei malipo ya simu, wala huwezi kulipa mzigo ukifika. Ni kadi tu. Na jina linalokuja kwenye meseji ya benki halifanani na jina la duka hata kidogo.

Niliagiza tarehe 3 Februari, dola 34. Nikaweka namba za kadi, OTP, ile namba ya siri ya kutumika mara moja, ikaja, nikaiingiza mwenyewe. Waliahidi mzigo ndani ya siku 21, yaani mwisho 24 Februari. Kimya. Kisha tarehe 19 Machi, saa nane usiku, simu ikalia: dola 1, ikarudishwa papo hapo. Dakika tatu baadaye, dola 189. Halafu dola 214.50. Hizi hazikuniuliza OTP yoyote. Ile dola moja ilikuwa ya kuonja kama kadi bado iko hai, kwa hiyo ukiiona usiseme "ni hela ndogo" ukalala. Mimi nilifunga kadi kwenye aplikesheni ya benki pale pale kitandani, la sivyo wangeendelea.

Asubuhi nikawa mtu wa kwanza benki. Kijana wa kaunta akaniambia miamala bado imeshikiliwa, haijapita, kwa hiyo haiwezi kupingwa. Hapo alikuwa sahihi: hela ikiwa imeshikiliwa tu, benki haina cha kudai hadi mwenye duka akamilishe kuichukua, jambo ambalo huchukua siku kadhaa. Lakini taarifa ya wizi hutolewa siku hiyo hiyo na unadai namba ya malalamiko yenye tarehe. Msikubali kurudishwa nyumbani mikono mitupu.

Niliporudi baada ya siku nne akanipa fomu na kuniambia niweke tiki "sikuidhinisha" kwenye miamala yote mitatu, ule wa raba pamoja. Nilikuwa nimeshashika kalamu. Mama mmoja wa kitengo cha kadi akapita, akaitazama fomu, akasema: "Mwanangu, hii ya dola 34 si uliweka OTP kwa mkono wako? Ukisema imeibwa, watatuletea ushahidi kwamba ni wewe, na hizo nyingine mbili nazo zitaonekana uongo."

Hapa ndipo wengi wanapopoteza hela zao. Muamala uliothibitishwa kwa OTP, benki yako kwa kawaida haiwezi kumbebesha muuzaji hasara kwa hoja ya wizi, kwa sababu mfumo unaonyesha mwenye kadi alithibitishwa. Ila hoja ya "nimelipa, bidhaa haikufika" inabaki palepale, OTP haiigusi. Ile miwili ya usiku ni kinyume chake: haikuwa na uthibitisho, kwa hiyo hoja ya wizi ina nguvu na lawama inamwangukia aliyekata bila kuuliza. Basi tukajaza fomu mbili. Moja ya bidhaa kutofika, dola 34. Nyingine ya kutoidhinisha, dola 189 na dola 214.50.

Ushahidi nao ni tofauti. Kwa ile ya wizi hawakutaka mengi: stetimenti yenye miamala husika imewekewa alama, maelezo niliyosaini kwamba kadi ilikuwa mkononi mwangu na miamala hiyo miwili sikuifanya wala kumruhusu mtu aifanye, na ile kadi ifutwe kabisa. Kwa ile ya raba walitaka habari nzima. Barua pepe ya oda, skrinshoti ya ukurasa ulioahidi siku 21, na mawasiliano yanayoonyesha kwamba nilimdai muuzaji kwanza nikashindwana naye. Bahati nilikuwa nimewaandikia WhatsApp tarehe 27 Februari na 5 Machi. Ukiwa na hasira ukamblock muuzaji na kufuta chati, umefuta ushahidi wako mwenyewe.

Sasa muda. Kadi yangu ni ya Visa, na kanuni zao zinaipa benki siku 120 kufikisha madai ya wizi, kuanzia muamala ulipopita. Kwa bidhaa isiyofika, siku 120 huhesabiwa kuanzia tarehe mzigo ulipoahidiwa kufika. Kwangu hiyo ni 24 Februari, kwa hiyo mwisho 24 Juni. Lakini hizo siku ni za benki, si zako. Fomu ya benki yangu, kwa maandishi madogo chini kabisa, inamtaka mteja alete madai ndani ya siku 30 tangu stetimenti itoke. Someni ya kwenu.

Matapeli wanaijua hesabu hii kuliko sisi. Ndiyo maana kila nilipowaandikia jibu lilikuwa "vumilia wiki mbili, mzigo uko forodhani". Wakiona umechachamaa wanakuambia "hela tumesharudisha, benki yako ndiyo imechelewesha". Dawa yake ni moja: waombe namba ya marejeo ya muamala, ile yenye tarakimu 23, ambayo benki huitumia kufuatilia hela iliporudishiwa. Mimi niliiomba mara tatu. Walinitumia emoji ya mikono iliyofumbatana.

Mchezo wao mkubwa ulikuja baada ya benki kuwafikishia madai. Walijibu kwa namba ya ufuatiliaji inayosomeka "umepokelewa". Moyo ukashtuka. Nikaenda ofisi ya msafirishaji mwenyewe, nikaomba waitazame kwenye mfumo wao. Mzigo upo kweli, ulipokelewa kweli, ila Arusha, na mimi naishi Temeke. Aliyeupokea si mimi. Uzito wake gramu 40. Yule dada wa kaunta akacheka: "Kaka, hizi raba za karatasi?" Nikamwomba aniandikie hayo kwenye karatasi yenye mhuri: jiji, uzito, na kwamba jina la mpokeaji si langu. Akasitasita, nikamwita bosi wake, ikaandikwa. Karatasi hiyo ndiyo iliyoamua. Dola 34 zilirudi.

Dola 189 nazo zimerudi. Mwenye duka hakujibu kitu. Dola 214.50 bado, maana zilikatwa kwa jina jingine la biashara, ambalo linadai lilinipa huduma ya mtandaoni. Benki ikinikatalia nitaomba sababu kwa maandishi, nipeleke malalamiko rasmi kwao, na wakishindwa nitafika Benki Kuu, ambayo hupokea malalamiko ya wateja waliokwisha kuanza na benki zao.

Jana wameniandikia tena WhatsApp: "Ndugu, futa malalamiko tukurudishie nusu leo leo." Nimepiga skrinshoti, nimeipeleka kwa yule mama wa kitengo cha kadi.