Posti ikisambaa ghafla, ununue nini kwanza kwa ajili ya tovuti yako ndogo?

Mama mmoja anayeuza dagaa wakavu pale Kibirizi, Kigoma, alipakia video fupi ya taa za wavuvi ziwani usiku usio na mbalamwezi, na chini yake akaweka kiungo cha duka lake. Video ikazunguka kwenye magrupu. Kesho yake asubuhi akanipigia: "Mwanangu, tovuti imekufa. Ninunue seva kubwa?"

Nilimwambia asubiri kwanza tupige hesabu. Duka lake ni la WordPress, na lilikuwa kwenye seva ya kuchangia. Kila mtu akifungua ukurasa, PHP inaamka, inauliza hifadhidata na kuupika ukurasa upya, hata kama dakika hiyohiyo umepikiwa mwingine. Kwake kazi hiyo ilikula nusu sekunde ya prosesa, yaani kurasa 2 kwa sekunde. Wageni walikuwa kama 3,000 ndani ya dakika 10, sawa na 5 kwa sekunde. Kwa hiyo kila sekunde watu 3 walibaki foleni. Kifurushi chake kiliruhusu maombi 20 kwa pamoja, na foleni ikajaa kwa sekunde 7 hivi. Waliofuata walikutana na `508 Resource Limit Is Reached`.

Kwa hesabu hiyo, mimi napanga manunuzi hivi.

Namba moja ni kache ya kurasa, na haina gharama. Plagini kama WP Super Cache hupika ukurasa mara moja, huuhifadhi kama faili la HTML, kisha humgawia kila anayekuja. Seva ileile iliyokwama kwa watu 5 inaweza kuhudumia mamia kwa sekunde, kwa kuwa sasa inasoma faili tu. Siku hiyohiyo punguza picha. Picha ya MB 4 iliyotoka moja kwa moja kwenye simu, ikifunguliwa na watu 3,000, inakula GB 12 za kifurushi chako. Ukiishusha hadi KB 150 haifiki hata GB nusu, na mteja wa Kasulu mwenye bando dogo ataiona.

Namba mbili ni CDN, yaani mtandao wa seva zinazotunza nakala za tovuti yako na kuwagawia wageni kwa niaba ya seva yako, na kifurushi cha bure cha Cloudflare kinatosha. Wengi hukosea hapa: wanaiwasha, wanaona alama ya wingu, wanalala. Kwa kawaida yake Cloudflare hutunza picha na mafaili ya mtindo, lakini ukurasa wenyewe wa HTML inauacha uende seva kila mara. Lazima utengeneze kanuni kwenye Cache Rules na uchague `Eligible for cache`. Kisha pima:

```
curl -sI https://dukalako.co.tz/ | grep -i cf-cache-status
```

Likija `DYNAMIC`, bado hujafanya kitu. `MISS` kisha `HIT` ukirudia ndiyo unayoitaka.

Katika kanuni hiyo usisahau kuziruka `/cart`, `/checkout` na `/my-account`, pamoja na kila mgeni mwenye kuki ya `wordpress_logged_in` au `woocommerce_items_in_cart`. Ukisahau, mteja anaweza kuonyeshwa kapu la mwenzake, na hapo utatamani tovuti ingezimika tu. Na kwa sababu kurasa hizo hazitunzwi, bado zinaichosha seva. Yule mama tulimwondolea kitufe cha kapu kwa siku mbili, tukaweka kiungo cha WhatsApp. Wateja wake wengi walikuwa wanaagiza huko hata kabla.

CDN iweke mapema. Kuhamisha nameserver za jina la tovuti yako kwenda Cloudflare kunaweza kuchukua hadi siku nzima, na posti haikusubiri.

Namba tatu ni VPS, yaani seva pepe unayoisimamia mwenyewe. Naiweka chini si kwa bei, maana za dola 5 hivi kwa mwezi zipo, bali kwa sababu utakuwa mlinzi wake mwenyewe. Yenye RAM ya GB 1, ukishatoa mfumo na hifadhidata, inabaki kama MB 500. Kila mfanyakazi wa PHP akila MB 60, unapata 8. Ukiandika `pm.max_children = 50`, yaani wafanyakazi 50, kwa tamaa, RAM itaisha, Linux itaiua MySQL, na wageni watasoma `Error establishing a database connection`. Inunue pale kapu na malipo vinapolemewa ingawa kache inafanya kazi.

Kifurushi kikubwa zaidi cha seva ya kuchangia ni cha mwisho. Kupanda kutoka maombi 20 hadi 40 bila kache kungempa yule mama sekunde nyingine 7.