ZV-E10 ukumbini: nilivyokomesha fokasi kuhangaika usoni mwa msemaji

Kamera yangu ni Sony ZV-E10, na lenzi ninayoitegemea ni Sigma ya 30mm f/1.4. Nazitumia kurekodi harusi na sendofu, mara chache ibada. Kwa miezi mingi nilikuwa nasema kwa kujivuna kwamba tangu nihamie mirolesi sijashika pete ya fokasi. Kamera inauona uso, inaufuata, mimi nashughulika na fremu na sauti tu. Kwa bi harusi anayeingia ukumbini akicheza, bado nasema hivyohivyo.

Kilichonibadilisha ni nasaha za dakika sita. Ilikuwa sendofu, na mama mdogo wa binti alisimama mbele ya meza kuu kuzungumza. Mimi nilikuwa mita mbili na nusu kutoka kwake, kamera juu ya stendi, lenzi nimeifungua hadi f/1.4 kwa sababu ukumbi ulikuwa na giza. Nyuma yake kulikuwa na pazia la taa ndogondogo za mapambo. Kwenye kioo cha kamera, chenye inchi 3 tu, kila kitu kilionekana safi. Nikaja kuona kwenye kompyuta: kila mama alipoinua maiki mdomoni, uso unafifia, zile taa za nyuma zinakuwa kali, kisha uso unarudi. Nilihesabu mara kumi na moja. Na kila mara fremu nzima ilitanuka na kusinyaa kidogo, kama kifua kinachopumua. Mama mwenye shughuli alinipigia baada ya kuiona: "Mwanangu, video nzuri, lakini mbona mdogo wangu anakuja anapotea, anakuja anapotea?" Sikuwa na la kujitetea. Mpangilio wote ulikuwa wangu.

Kitu kilichonifungua macho ni mstari mmoja kwenye menyu, ndani ya mpangilio wa fokasi ya uso na macho, unaoitwa `Face Detect. Frame Disp.` Ukiuwasha, kamera inachora kisanduku juu ya kila uso inaoutambua. Kwangu ulikuwa umezimwa, kwa hiyo nilikuwa nabahatisha. Nilimkalisha mdogo wangu sebuleni usiku, nikampa kijiko kikubwa kiwe maiki, nikazima taa kubwa na kuacha taa ya mezani nyuma yake. Hapo nikaona kwamba nilichokuwa nakiita "fokasi mbovu" ni matatizo mawili tofauti.

La kwanza ni kisanduku chenyewe kupotea. Kijiko kikipita mdomoni, au akiinamisha kichwa, kamera inaacha kuona uso. Isipouona, inarudi kwenye kazi yake ya zamani ya kushika chochote kilicho kwenye eneo la fokasi, na taa inayong'aa nyuma ni chambo kitamu. Giza la usoni linazidisha hali hii. Kamera inatafuta uso kwenye picha ileile inayoirekodi, kwa hiyo mtu mwenye ngozi nyeusi akisimama mbele ya taa kali, uso wake ukawa kivuli kitupu, macho na pua havionekani vya kutosha kutambulika. Niliweka taa ndogo ya LED pembeni ya kamera, ya kumfikia usoni tu, na kisanduku kikatulia palepale bila kugusa menyu.

La pili ni kisanduku kubaki usoni huku picha inaendelea kupumua. Hapo uso umeonekana, ila kamera haina uhakika wa umbali. Sensa hizi hupima umbali kwa kulinganisha mwanga uliopita upande mmoja wa lenzi na uliopita upande wa pili. Mistari ikiwa wazi na mwanga ukitosha, kamera inajua mara moja isogeze fokasi mbele au nyuma na kwa kiasi gani. Mwanga ukipungua, au mbele kukiwa na shela au moshi wa ile mashine ya MC, kipimo kinakuwa na ukungu, na kamera inaanza kujaribu: inasogea kidogo, inatazama kama picha imekaza, inarudi. Kwenye picha za mnato hulioni hili, maana unabaki na ile picha moja ya mwisho. Kwenye video kila jaribio limerekodiwa.

Tofauti hii ndiyo inayoamua ubadili nini. Kama kisanduku kinapotea, kinachosaidia ni mwanga usoni na `AF Subj. Shift Sens.` Huu ni mpangilio wa subira: kwenye 5 kamera inakimbilia kitu kipya mara kinapotokea, kwenye 1 inang'ang'ania kile ilichokishika. Mimi nilikuwa kwenye 5, yaani niliiambia ikimbilie maiki kila inapopita, nayo ikatii. Sasa kwa msemaji mmoja naweka 1. Kwa kucheza muziki, watu wakipishana, napandisha hadi 3. Kabla ya hapo hakikisha hujabonyeza kwa bahati mbaya kile kitufe cha `Product Showcase`, maana kazi yake hasa ni kuacha uso na kushika kitu kilicholetwa karibu na kamera. Kinawafaa sana wanaouza vipodozi mtandaoni. Ukumbini hakina kazi.

Mpangilio wa `AF Transition Speed` nimeushusha hadi 3. Niseme wazi kwamba hautibu kitu. Unachofanya ni kuipunguza kasi fokasi inapohama, hivyo kamera ikikosea kwa nusu sekunde haijafika mbali na mtazamaji huenda asigundue. Lakini ukishuka hadi 1, bi harusi akikujia kwa hatua za kawaida fokasi inabaki nyuma yake muda wote. Niliwahi kufanya hivyo kwenye maingilio, sitarudia.

Na tatizo la pili, kisanduku kimetulia lakini picha inapumua? Hapo nimeacha kubishana na menyu. Nakwenda fokasi ya mkono.

Watu wanaiogopa kwa sababu wanadhani ni lazima ukae unazungusha pete dakika sita nzima. Kwa mtu aliyesimama mahali pamoja huzungushi chochote. Naiacha otofokasi iushike uso wakati MC bado anamtambulisha, naangalia kisanduku kimetulia, kisha nabonyeza kitufe nilichokipa kazi ya kubadili kati ya AF na MF. Fokasi inaganda palepale ilipo. Baada ya hapo maiki ipande, ishuke, taa zibadilike rangi, lenzi haisogei. Kabla ya kuanza kurekodi nakuza picha kwenye kioo na kutazama kope za jicho. Zile rangi nyekundu za `Peaking` zinasaidia, ila zinadanganya zikiwekwa juu: zinapaka kila ukingo wenye utofauti wa mwanga, hata ambao haujakaza vizuri. Mimi naweka chini kabisa, na jicho ndilo linaloamua.

Lakini fokasi ya mkono kwenye f/1.4 ni kujitafutia balaa, na hapa hesabu inasaidia. Kwa lenzi ya 30mm kwenye sensa ya APS-C, mtu akiwa mita 2.5, sehemu inayoonekana kali kwenye f/1.4 ni kama sentimita 39 tu kwa jumla, mbele na nyuma yake. Mama akiegemea mbele kumshika binti mkono, ametoka. Kwenye f/2.8 inakuwa kama sentimita 80, kuanzia mita 2.16 hadi 2.96 kutoka kwenye kamera. Hiyo inambeba mtu anayeyumba, anayegeuka, hata anayepiga nusu hatua. Gharama yake ni mwanga. Kutoka f/1.4 hadi f/2.8 unapoteza robo tatu ya mwanga, kwa hiyo kama nilikuwa ISO 800 sasa nahitaji ISO 3200, shata ikibaki 1/50. Ile taa ndogo ya pembeni inanirudishia nusu ya hasara, nabaki ISO 1600 na chengachenga zinavumilika. Shata siigusi: umeme wetu ni wa 50Hz, na 1/50 inanipunguzia mistari inayotembea kwenye picha kutokana na taa za ukumbi.

Kuna mambo mawili yaliyonipata baada ya kuanza hivi, yote kwa kutojua. Lenzi kama hii pete yake haijaungwa moja kwa moja na vioo vya ndani. Inatuma ishara tu, mota ndiyo inayosogeza. Nilizima kamera kuokoa betri wakati wa chakula, nikawasha, nikarekodi nikiamini fokasi ipo nilipoiacha, kumbe imehama. Sasa kila nikiwasha naanza upya, na muda wa kamera kulala yenyewe nimeurefusha. La pili ni mchana. ZV-E10 haina kile kitundu cha kuchungulia, una kioo tu, na kwenye jua la saa saba huwezi kujua kama jicho limekaza. Nje, mchana, naiachia otofokasi ifanye kazi. Mwanga upo wa kutosha na haihangaiki.

Vilevile sitoki kwenye ufuataji wa uso kwa maingilio, kwa kucheza, kwa keki mtu anapozunguka meza, na kwa chochote ninachopiga nikitembea na kamera mkononi. Hapo umbali unabadilika kila sekunde, na mkono wangu hauwezi kushindana na mashine. Nilijaribu kwenye maingilio moja kwa ubishi tu. Zile sekunde ishirini ilibidi nizikate.

Kwa nasaha nina utaratibu mpya. Kabla wageni hawajaja nabandika kipande cha selotepu sakafuni mbele ya meza kuu, namwomba MC awasimamishe wasemaji hapo, na stendi yangu naiweka mita 2.5 kutoka kwenye alama. Wiki mbili zilizopita wamama wanne walisimama pale mmoja baada ya mwingine, na nilibonyeza kitufe mara nne tu. Wa tano alikuwa babu wa upande wa bwana harusi. Aliichomoa maiki kwenye stendi, akasema, "Mimi siwezi kusema nikiwa nimesimama kama askari wa gwaride," akaanza kutembea katikati ya meza. Nikabonyeza kurudi AF, nikashusha kamera kutoka kwenye stendi, nikamfuata.