Uzoefu wangu na 1.1.1.1 hapa Malaba: "Could not resolve host" si lazima seva imelala

Nafanya kazi katika ofisi ndogo ya kutoa mizigo forodhani, upande wa Uganda wa mpaka wa Malaba. Kila jioni kompyuta yetu ya Ubuntu hutuma nyaraka za siku kwenye seva ya makao makuu Kampala kwa skripti fupi inayotumia curl. Zisipofika, lori la kesho linachelewa, na dereva anayelala barabarani hataki kusikia habari za mtandao. Ndiyo maana naandika kuhusu 1.1.1.1, huduma ya bure ya Cloudflare iliyoanza Aprili 2018, ya DNS, yaani ya kutafuta anwani ya IP ya jina la tovuti au seva. Nimeitumia muda wa kutosha kujua inaponisaidia na isiponisaidia.

Tatizo letu lilikuwa hili, na jina la seva nimelibadilisha:

```
curl: (6) Could not resolve host: mizigo.example
```

Lilijitokeza jioni jioni, likaondoka, likarudi. Kila mara ofisi nzima ilisema seva ya Kampala imekufa, na Kampala wakajibu kwamba kwao iko hewani. Wote walikuwa wanasema walichokiona. Ila ujumbe wenyewe hausemi lolote kuhusu seva. Namba 6 maana yake ni kwamba curl haikupata anwani ya IP ya jina hilo, kwa hiyo haikuwa hata imeanza kubisha hodi. Seva inaweza kuwa nzima kabisa, imezimwa, au haijawahi kuwepo. Kwa kosa hili hujui bado.

Jioni moja kosa lilipotokea nilikaa nalo. Kwanza nilipiga `ping 1.1.1.1`, na majibu yakarudi. Hapo nilijua laini ya intaneti inapita, kwa sababu ping ya namba haihitaji DNS. Kisha, kwa dig, amri ya kuuliza DNS, nikaiuliza ruta yetu moja kwa moja, halafu nikaiuliza Cloudflare swali lilelile:

```
dig @192.168.1.1 mizigo.example
dig @1.1.1.1 +short mizigo.example
```

Swali la kwanza lilikaa, likakaa, likaishia na `no servers could be reached`. La pili lilijibu mara moja: `203.0.113.20`. Ruta yenyewe haijui majina ya intaneti. Inapeleka maswali kwa seva ya DNS ya kampuni inayotuuzia intaneti, na hiyo ndiyo iliyokuwa inanyamaza saa za watu wengi.

Bado nilitaka ushahidi kwamba Kampala wako hewani. Curl ina chaguo la kuikabidhi anwani mkononi, ikaruka DNS yote:

```
curl --resolve mizigo.example:443:203.0.113.20 https://mizigo.example/
```

Ukurasa ukaja. Naipendelea njia hii kuliko kuandika IP tupu kwenye brauza, kwa sababu jina linabaki lilelile, cheti cha HTTPS kinakubali, na seva yenye tovuti nyingi inajua unataka ipi.

Mwenzangu wa dawati la pili aliniuliza, "Ndugu, mbona kwangu tovuti ileile inafunguka?" Swali zuri, na linawapoteza wengi. Brauza yake ilikuwa imewashwa DNS salama, ile inayouliza majina kupitia HTTPS bila kupita kwenye ruta. Curl yetu ilikuwa inafuata njia ya mfumo wa kompyuta. Kwa hiyo kufunguka kwenye brauza hakuonyeshi kwamba DNS ya ofisi ni nzima. Kunaonyesha tu kwamba seva iko hai.

Niliingia kwenye ruta, sehemu ya DHCP inayozipa kompyuta mipangilio ya mtandao, nikaweka DNS ya kwanza 1.1.1.1 na ya pili 9.9.9.9 ya Quad9, ili zisiwe za mwenye mmoja. Kompyuta hazibadiliki papo hapo. Inabidi zikate Wi-Fi na kuunga upya ndipo zipokee anwani mpya za DNS. Kwenye simu za Android kuanzia toleo la 9 unaenda kwenye mipangilio ya "Private DNS" na kuandika `one.one.one.one`, na hiyo inafanya kazi hata ukiwa kwenye data ya simu. Tangu hapo kosa namba 6 la jioni limekoma. Naipa nyota nne kati ya tano, na ile moja iliyobaki nitaieleza.

Faida kubwa kwangu ni kwamba sasa makosa yanaeleweka. Asubuhi moja nyaraka ziligoma tena, lakini safari hii iliandikwa `curl: (7) Failed to connect`, na mwisho wake `Connection refused`. Dig ilikuwa inatoa anwani bila shida. Hapo DNS imeshamaliza kazi yake. Mashine ya Kampala imefikiwa, na yenyewe ndiyo imejibu kwamba hakuna programu inayosikiliza kwenye mlango ule. Niliwapigia, nikawaambia mashine inawaka lakini huduma ya wavuti haijainuka. Umeme ulikuwa umekatika usiku, kompyuta ikajiwasha, huduma haikujiwasha. Wakaiwasha.

Namba 28 ndiyo inayotaka macho makali. Ni kosa la muda kwisha, na mara nyingi lina maana kwamba pakiti zimeenda zisirudi: mashine imezimwa, ukuta wa moto umezuia, au njia imekatika. Lakini ukisoma `Resolving timed out`, muda umeishia kwenye kutafuta jina, na umerudi kwenye DNS. Namba ni ileile, shida ni mbili, kwa hiyo soma sentensi yote.

Sasa ile nyota moja. Kubadilisha DNS hakuponyi jina ambalo lenyewe ni gonjwa. Dig ikisema `NXDOMAIN`, jina halipo: umekosea herufi, au mwenye kikoa hakulipia. Ikisema `SERVFAIL`, uliyemuuliza ameshindwa kupata jibu, mara nyingi kwa sababu seva za DNS za kikoa hicho hazifikiki au sahihi zake za usalama zimeharibika. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook ilipopotea duniani kote kwa takriban saa sita, ndivyo ilivyoonekana: njia za kufikia seva zao za DNS zilikuwa zimeondolewa mtandaoni, na 1.1.1.1 nayo ikabaki kurudisha SERVFAIL. Siku kama hiyo uliza seva mbili za umma zisizohusiana. Zote zikishindwa, shida iko kwa mwenye jina, usiiguse ruta yako.

Pia majina ya ndani hupotea. Printa yetu ilikuwa inaitwa kwa jina ambalo ruta pekee ililijua, na baada ya mabadiliko kompyuta hazikuipata tena. Niliipa printa IP isiyobadilika, nikaiandika pamoja na jina lake kwenye `/etc/hosts` ya kompyuta inayochapisha. Ofisi yenye majina mengi ya ndani isifanye kama mimi. Iache kompyuta ziulize ruta, na ruta yenyewe ndiyo ielekezwe 1.1.1.1 kwenye mipangilio ya WAN, yaani upande wake wa intaneti.